UZI: Kundi moja lina Wahispania, Waargentina, Wameksiko na Wakolombia. Asubuhi nawasalimu vipi?

Kwato_za_Twiga (Arusha)
Wakuu, habari. Mimi ni mwongoza watalii, na wageni wangu wengi ni wa Kihispania. Mwezi ujao nitakuwa Tarangire, Ngorongoro na Serengeti na kundi la kuchanganya: mke na mume kutoka Madrid, familia ya watu watano kutoka Buenos Aires, wazee wawili wa Guadalajara, Meksiko, na dada wawili wa Bogotá.

Darasani tulifundishwa "Buenos días, ¿cómo está usted?" na mwalimu akasisitiza kwamba "buen día" ni kosa. Lakini Waargentina wote niliowahi kuwaendesha hunijibu "buen día". Wahispania hunijibu "hola" basi, wanapanda gari. Kuna Mkolombia alinikuta lobi akaniuliza "¿Qué más?" kabla sijafungua mdomo. Kwa kundi kama hili nachagua salamu ya nani? Na hiyo "buen día" ni kosa kweli?

Mvita_Madrid
Niko Madrid miaka mingi, kwetu ni Mombasa. Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu hiyo "hola". Si dharau wala si ubaridi. Hapa jirani anakukuta kwenye lifti anasema "hola, ¿qué tal?" na wewe unamjibu "hola, ¿qué tal?", kila mtu anaenda zake. Hakuna aliyejibu swali na hakuna aliyeudhika. Sisi wa pwani tumelelewa kuulizana ya nyumbani, ya watoto, ya kazi, kwa hiyo mwanzoni unaona kama umekatwa. Ukianza kumweleza Mhispania jinsi ulivyolala, atakusikiliza, lakini atashangaa kidogo.

Halafu hiyo "usted", yaani "wewe" ya heshima, uitumie kwa uangalifu. Mama wa mwenye nyumba wangu ana zaidi ya miaka 80. Siku nilipomwita usted alinishika mkono akasema "no me trates de usted, que me haces vieja", yaani namzeesha. Huku ni tú, "wewe" ya kawaida, karibu kila mahali: dukani, benki, hata kazini kwa bosi.

Tilde
Nimefundisha Kihispania muda mrefu, nianze na la "buen día". Si kosa. Akademia ya Kihispania yenyewe inakubali zote mbili. Argentina, Urugwai na Paragwai "buen día" ndiyo salamu ya kawaida ya asubuhi, na Puerto Riko utaisikia sana. Mwalimu wako nadhani alifundishwa Kihispania cha Hispania, ambako "buen día" inasikika kama ya kuagana: "que tengas un buen día", uwe na siku njema. Kwa hiyo ukimwambia Mhispania "buen día" saa kumi na mbili asubuhi ataelewa, ila atahisi umejifunzia Buenos Aires.

Kinachobadilika ni asubuhi tu. Mchana na usiku hata Muargentina anasema "buenas tardes" na "buenas noches" kwa wingi, kama wenzake wote.

Mzee_Ngaramtoni
Kijana, usijichoshe. Usted ndiyo shikamoo yao. Aliyekuzidi umri mpe usted, rika lako na wadogo wape tú. Ukishika hilo hutaharibu popote.

Daktari_wa_Havana
Shikamoo mzee. Naomba nipingane nawe kidogo. Nilisoma udaktari Kuba. Kule tú imetawala, mpaka mhudumu wa mgahawa ambaye hujawahi kumwona anakuita "mi amor" na "mi vida" huku anakuwekea kahawa. Usted tuliitumia wodini kwa wagonjwa wazee na kwa maprofesa, na hapo hesabu yako inasimama. Lakini shikamoo inakwenda upande mmoja: mdogo anampa mkubwa, naye anaitikia marahaba. Usted haiko hivyo kila nchi.

Tulikuwa na wanafunzi wenzetu kutoka Kosta Rika. Mmoja alikuwa anampigia simu mdogo wake wa miaka sita na kumwita usted. Nikadhani wamegombana. Akaniambia kwao ndivyo wanavyoongea, na mbwa wa nyumbani naye ni usted.

Mtoto_wa_Ziwa_Kivu
Jambo wote. Mimi ni wa Bukavu, niko Kanada, kiwandani niko na Wakolombia karibu kila zamu. Daktari amesema kweli. Wale wa Bogotá wanapeana usted wenyewe kwa wenyewe, wanaume marafiki kabisa, watu wanaokula sahani moja. Wa Medellín na wa Cali wanasema vos, ambayo nayo ni "wewe" ya watu wa karibu. Wa pwani, Barranquilla na Cartagena, wanasema tú na wanaona watu wa Bogotá wamekaza sana. Nchi moja hiyo!

Sasa "¿Qué más?" Usiitafsiri neno kwa neno, ukadhani anakuuliza umebakiza nini. Ni "habari?" tu. Unajibu "bien, ¿y usted?" au unamrudishia "¿qué más?" na mambo yanaendelea. Wa Medellín wanaongeza "¿Qué más, pues?" Kuna pia "quiubo", imetoka kwenye "¿qué hubo?"

Kitu kilichonifurahisha ni kwamba wanasalimiana kama sisi. Asubuhi ni "¿cómo amaneció?", umeamkaje, kisha "¿cómo le ha ido?", kisha mama, kisha watoto. Mimi nao tunamaliza dakika nzima mbele ya mashine, msimamizi anatuangalia tu.

Mvita_Madrid
@Mtoto_wa_Ziwa_Kivu hiyo "¿cómo amaneció?" ukimwambia mtu wa Madrid atakuelewa, lakini atajua mara moja wewe umejifunza kwa watu wa Amerika. Huku wanauliza "¿qué tal has dormido?" na wanamuuliza mtu aliyelala nyumba moja nao.

Kulé_wa_Kibera
Mnajisumbua bure. Watalii wamekuja Afrika, wape "jambo" na "karibuni", wafurahi. Wachezaji wa Barça wanatoka nchi nyingi na "hola" moja inawatosha.

Kwato_za_Twiga
@Kulé_wa_Kibera jambo na karibuni wanazipata kuanzia uwanja wa ndege, na wanazipenda. Swali langu ni la baada ya hapo, maana siku nzima naongea nao Kihispania: tunaondoka saa ngapi, nani anaumwa tumbo, nani hajalala. Nikianza vibaya asubuhi, mzee wa Guadalajara anaweza kunyamaza na tumbo lake mpaka jioni.

@Tilde asante, hilo la buen día limenisumbua muda mrefu. Kwani hiyo "buenos días" ina wingi wa nini? Siku ni moja.

Tilde
Maelezo ya kawaida ni kwamba huo wingi ni wa kuongeza uzito, kama "gracias", "saludos" na "felicidades", ambazo nazo ziko katika wingi bila kuhesabu kitu. Ndivyo ninavyoelewa mimi.

Sakristia
Niliwahi kukaa na mapadre Wahispania, wao walinieleza tofauti. Zamani watu walitakiana kwa kirefu, "buenos días os dé Dios", Mungu akupe siku njema. Anakuombea siku nyingi, si ya leo tu. Baadaye Mungu akaachwa nje, zikabaki siku. Padre mmoja yeye alishikilia kwamba wingi umetokana na vipindi vya sala za watawa, ambavyo navyo vinatajwa kwa wingi: laudes, vísperas.

Tilde
Ile sentensi yenye Mungu ilikuwepo kweli, maandishi ya zamani yanayo. Lakini haielezi "buenas noches" kubaki na wingi mpaka leo wakati lugha jirani zimechukua umoja. Mreno anasema "bom dia", Mwitaliano "buongiorno", Mkatalani "bon dia", na wote hao walikuwa na Mungu yuleyule na watawa walewale. Hoja ya sala inaangukia hapo hapo.

Sakristia
Haiangukii. Kila lugha ilichukua njia yake.

Binti_Oysterbay
Basi "buen día" ya Argentina imetokana na Waitaliano. Walihamia Buenos Aires kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na ndiyo maana Waargentina wanaagana kwa "chau", ambayo ni "ciao". Wakachukua na buongiorno.

Tilde
Chau nakubali bila ubishi. Kuhusu buen día nina shaka. Mwitaliano anasema pia "buonasera" na "buonanotte", zote umoja. Kama Muargentina alimwiga, kwa nini aige asubuhi tu na jioni abaki na "buenas tardes"? Na Puerto Riko hakukuwa na wimbi la Waitaliano kama la Buenos Aires.

Binti_Oysterbay
Watu hawaigi kwa mpangilio. Sisi wenyewe tumechukua "asante sana" tukaitikia "karibu", hatujaulizana nani katoa wapi. Bado naona ni Waitaliano.

Mtoto_wa_Ziwa_Kivu
Mtafikishana Roma na Kwato atakuwa bado amesimama lobi na wageni wake.

Tilde
Kweli, turudi kwenye kundi lake.

Shida yako, @Kwato_za_Twiga, haiko kwenye "hola" wala "buenos días". Hizo zinakubalika Madrid, Bogotá, Guadalajara na Buenos Aires. Shida inaanza kwenye kitenzi kinachofuata, kwa sababu kitenzi ndicho kinachokulazimisha kuchagua tú, vos au usted. Una njia mbili za kukwepa.

Ya kwanza ni kuuliza bila kitenzi. "¿Qué tal?" haina mtu ndani yake. "¿Qué tal la noche?" nayo hivyo hivyo, unauliza usiku ulikuwaje na hujamwita mtu yeyote chochote. Mzee wa Guadalajara hataona umemvunjia heshima, na mama wa Madrid hataona umemzeesha.

Ya pili ni wingi. Unaongea na kundi, na Amerika yote wingi ni mmoja, "ustedes", kwa rafiki na kwa rais. Hispania bara ndiko wana "vosotros" kwa watu wa karibu. Wale wawili wa Madrid wakisikia "¿cómo están?" watajua si Kihispania cha kwao, lakini ni salamu ya adabu, na watu wa Visiwa vya Kanari wanaongea hivyo hivyo. Kwa hiyo ukiwa mbele ya wote sema "¿cómo están?" Usianze kutafuta "¿cómo estáis?" kwa ajili ya wawili.

Kwato_za_Twiga
Hii imenifungua. Na nikiwa na mtu mmoja mmoja? Mfano yule baba wa Buenos Aires, niseme vos?

Tilde
"¿Cómo estás?" ni sawa kwa tú na kwa vos, haibadiliki herufi. Kwa hiyo kwa Waargentina una salamu moja salama tayari. Tofauti inakuja kwenye vitenzi vingine. Kwa tú ni "¿quieres agua?", kwa vos ni "¿querés agua?" Ukiweza kwenda na vos mpaka mwisho, wataipenda. Ukianza nayo ukachanganya, si dhambi, ila masikio yao yatachoka. Wamezoea kusikia tú kwa wageni na kwenye filamu zilizotiwa sauti, hawataudhika.

Wazee wa Guadalajara wape usted, na uiache pale mpaka wao wenyewe waseme "háblame de tú". Dada wa Bogotá anza na usted vilevile, wasikilize wanavyokujibu, kisha ufuate.

Mzee_Ngaramtoni
Kwa hiyo wazee mmewapa usted. Nilisema nini mimi?

Daktari_wa_Havana
Wazee wa Meksiko, mzee wangu. Wa Madrid wakiwa na umri huohuo wamepewa "¿qué tal?"

Kwato_za_Twiga
Nimeandika mpango, naomba mnisahihishie. Alfajiri kabla ya kutoka: "Buenos días a todos, ¿qué tal la noche?" Tukirudi kambini kula mchana, saa saba hivi: "Buenas tardes". Jioni tukikaa kwenye moto tukiagana kwenda kulala: "Buenas noches", na kabla ya hapo bado "buenas tardes".

Mvita_Madrid
Saa saba mchana ndipo watagawanyika. Mhispania anakula saa nane au saa tisa, na mchana wake unaanza baada ya chakula. Saa saba bado atakwambia "buenos días". Sijui Wameksiko.

Mtoto_wa_Ziwa_Kivu
Wakolombia wangu saa sita ikipiga tu ni tardes. Ukisema "buenos días" saa sita na dakika tano mtu anaangalia saa na kukusahihisha. Wafanyakazi wa Meksiko tulio nao ni hivyo hivyo.

Tilde
Wote wawili mko sawa, ndiyo maana kuna "buenas" peke yake. Hiyo inafaa saa yoyote na karibu nchi yoyote: unaingia mahali, unasema "buenas", umemaliza. Ni ya kawaida zaidi kuliko ile kamili, kwa hiyo wazee waongezee kidogo, "muy buenas", au uwatajie tardes yao wenyewe.

Jioni nina neno kubwa zaidi. "Buenas noches" si kama "usiku mwema" yetu, ambayo ukiitamka maana yake unaondoka. Wao wanaitumia kufika na kuondoka. Ukiwakuta kwenye moto saa moja na nusu, giza limeshaingia, salamu ya kufika ni "buenas noches". Waswahili wengi tunaikwepa kwa sababu tunaona kama tunawafukuza watu wakalale.

Mvita_Madrid
Na usishangae wa Madrid akikujibu "buenas tardes". Kwao mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne usiku, kichwa chake hakijazoea giza la saa moja. Atazoea siku ya pili.

Sakristia
Kwa wazee wa Meksiko ongeza moja: ukipita mezani wanapokula, sema "provecho". Kule hata mtu usiyemjua mgahawani unamwambia, na yeye anashukuru. Ukipita kimya ndipo wanapoona hujawasalimu.

Kwato_za_Twiga
Hii ya provecho nimeichukua. Na zile za vijana? Kuna watoto wa Kiargentina wa miaka 15 na 17. Nimesikia "¿qué onda?" na "¿qué lo que?"

Daktari_wa_Havana
"¿Qué onda?" ni ya Meksiko hasa, na Argentina inaeleweka. "¿Qué lo que?" ni ya Jamhuri ya Dominika, vijana wanaiandika "klk" kwenye simu. Kuba ni "¿qué bolá?" Obama alipotua Havana mwezi wa tatu 2016 aliandika Twitter "¿Qué bolá Cuba?" na wenzangu wa Kuba walifurahi kupita kiasi. Lakini aliwaandikia Wakuba. Ukimwambia mtoto wa Buenos Aires "¿qué lo que?", umemsalimu kwa lugha ya mtaa wa watu wengine. Kwa hao mpe "¿todo bien?" au "¿cómo andan?"

Binti_Oysterbay
Mmesahau mabusu. Wakifika uwanja wa ndege mtu anakuletea shavu. Hispania ni mawili, Argentina moja, na Waargentina wanaume kwa wanaume wanabusiana shavuni bila shida.

Kwato_za_Twiga
Hilo limenitokea, na dereva wangu alirudi nyuma hatua nzima.

Mvita_Madrid
Mwambie dereva atangulize mkono mapema, mtu akiwa bado mbali. Mgeni akiona mkono anajua utaratibu ni upi. Akikaribia zaidi, simama tu, yeye atajua ni moja au mawili. Kinachoharibu ni kugeuza uso katikati.

Mzee_Ngaramtoni
Mimi mkono unatosha. Sasa nielezeni simu. Mjukuu wangu anafanya kazi kwenye kampuni ya safari, anasema Wameksiko wakipokea simu wanasema "bueno". Kwani wameulizwa hali?

Mtoto_wa_Ziwa_Kivu
Hawajaulizwa, mzee. "¿Bueno?" ndiyo haloo yao. Wakolombia wanasema "aló", kama sisi Wakongo kabisa.

Mvita_Madrid
Madrid ni "¿diga?" au "dígame". Siku hizi vijana ni "¿sí?" tu.

Daktari_wa_Havana
Kuba "oigo", nasikia. Argentina "hola".

Sakristia
Hiyo bueno wanasema ilianza enzi za laini mbovu. Opereta anauliza kama sauti ni nzuri, unajibu "bueno", basi ikabaki.

Tilde
Hadithi hiyo inapendwa sana Meksiko. Laini zilikuwa mbovu Lima na Havana pia, na huko hakuna anayesema bueno.

Sakristia
Umenijibu hivi hivi kwenye watawa.

Mzee_Ngaramtoni
Kwa hiyo mjukuu akipigiwa na Mmeksiko, anajibuje?

Tilde
Anayepiga ndiye atasikia salamu ya mjukuu, mzee. Aseme jina la kampuni, kisha "buenos días" au "buenas tardes" kufuatana na saa ya Arusha, na "¿en qué le puedo ayudar?" kwa usted. Akipiga yeye Guadalajara na kusikia "¿bueno?", asiijibu kama swali. Aendelee na "buenas tardes, le hablo de Tanzania". Na aangalie saa kwanza: tukiwa saa nne asubuhi sisi, wale bado ni usiku wa manane.